Mteja Asisubiri Fonti Ndipo Aone Namba ya Kulipia

Mteja akifungua websaiti ya duka lako kwa simu, kuna vitu vitatu anatafuta: bei, mahali ulipo na namba ya kulipia. Vyote vitatu ni maandishi. Picha inaweza kuchelewa kidogo na bado akanunua, lakini maandishi yakikosa kuonekana hakuna mauzo. Ndiyo maana leo nataka tuongee juu ya fonti, yaani umbo la herufi zinazotumika kwenye websaiti yako. Wengi huona hilo ni jambo la urembo, la kumwachia dizaina. Mimi naona ni sehemu ya malipo.

Wacha niseme msimamo wangu mapema. Bei, namba ya Till na kitufe cha kulipa viandikwe kwa fonti ambayo tayari iko ndani ya simu ya mteja. Ukitaka fonti inayotambulisha chapa yako, weka faili moja tu kwenye seva yako mwenyewe na uitumie kwa vichwa vya kurasa. Halafu kuna njia ya tatu, ile inayotumika kwenye websaiti nyingi za biashara ndogo bila mwenye duka kujua: kuazima fonti kutoka seva ya kampuni nyingine kila mteja anapoingia. Hiyo naomba tuiache.

## Fonti inatoka wapi?

Kila simu inauzwa ikiwa na fonti zake. Simu nyingi za Android unazoona Luthuli Avenue huja na fonti inayoitwa Roboto. iPhone ina San Francisco, na laptopu ya Windows ina Segoe UI. Websaiti inaweza kuiambia simu, "tumia ile uliyo nayo." Hapo hakuna kitu cha kupakua. Maandishi yanatokea mara tu ukurasa wenyewe unapofika. Hizi ndizo fonti za mfumo.

Njia ya pili ni kuhifadhi fonti mwenyewe. Unachukua faili ya fonti, unaiweka pale pale zilipo picha na kurasa zako, na simu ya mteja inaipakua kutoka kwako.

Njia ya tatu ni ya kuazima, na maarufu zaidi ni Google Fonts. Ni huduma ya bure, na ina fonti nzuri sana. Fundi wa websaiti anabandika mstari mmoja tu na kazi imeisha. Shida ni kwamba ule mstari unaituma simu ya kila mteja kwenye seva za Google kuchukua herufi. Kwanza inaenda `fonts.googleapis.com` kuuliza faili ziko wapi, kisha inaenda `fonts.gstatic.com` kuzichukua. Huyo mteja alikuja kununua kwako, lakini simu yake imebisha milango mingine miwili kabla ya kuona bei.

Kuna sababu ambayo mafundi wengi hutoa kutetea njia hii. Watakuambia kwamba fonti ya Google tayari iko kwenye simu ya mteja kwa sababu aliipakua kwenye websaiti nyingine, kwa hivyo kwako itafunguka haraka. Zamani ilikuwa kweli. Lakini vivinjari vilibadilisha utaratibu ili websaiti moja isiweze kuchungulia mteja alipita wapi kwingine. Safari ilianza mwaka 2013, Chrome ikafuata kwenye toleo la 86 mwezi Oktoba 2020, na Firefox kwenye toleo la 85 mwezi Januari 2021. Siku hizi kila websaiti ina akiba yake pekee ndani ya simu. Fonti ileile iliyopakuliwa kwenye duka la jirani itapakuliwa tena kwako.

## Hesabu ya duka moja

Tuchukue mfano wa duka la viatu ndani ya eksibisheni ya Moi Avenue, lenye wateja wengi wa Kangemi, Kawangware na Uthiru wanaoagiza na kuletewa. Websaiti yake inatumia fonti ya Poppins kutoka Google kwa uzito wa aina nne: mwembamba, wa kawaida, mzito kiasi na mzito kabisa. Kila uzito ni faili yake. Tuweke kilobaiti 20 kwa faili, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa fonti iliyobanwa vizuri. Zote nne ni kilobaiti 80.

Sasa mteja yuko kwenye matatu ya Waiyaki Way, saa ya watu kutoka kazini, na mtandao umeshuka. Tuseme anapata kilobiti 400 kwa sekunde, ambazo ni kilobaiti 50, na kila ujumbe kutoka simu hadi seva na kurudi unachukua milisekunde 300.

Kilobaiti 80 kwa mwendo wa 50 ni sekunde 1.6. Lakini kabla ya faili kuanza kushuka, simu lazima itafute anwani ya seva, ifungue mawasiliano, ikubaliane nayo usiri wa mazungumzo, ndipo iombe inachotaka. Hizo ni safari nne za kwenda na kurudi, sekunde 1.2. Na kwa sababu seva ni mbili, na ya pili haijulikani mpaka ya kwanza ijibu, zinakuwa safari nane, sekunde 2.4. Jumla ni sekunde 4 za kusubiri herufi peke yake.

Tuhamishe fonti kwenye seva ya duka na tubakishe uzito mmoja. Simu tayari imeshaunganishwa na seva hiyo kwa sababu ndiko ukurasa ulikotoka, kwa hivyo ni safari moja tu, sekunde 0.3, na kilobaiti 20 zinachukua sekunde 0.4. Jumla ni sekunde 0.7.

Tukitumia fonti ya mfumo, jumla ni sifuri.

Hii ni hesabu ya kukadiria, na sitaki kuitia chumvi. Ukiwa Westlands kwenye mtandao wa nyuzi, tofauti hutaiona kwa macho. Vilevile fundi mzuri anaweza kuongeza mstari unaoiambia simu ifungue mawasiliano ya seva zile mbili mapema, na sehemu ya zile sekunde 4 itaokolewa. Bando nalo si hoja hapa, manake kilobaiti 80 ni kidogo. Ninachokataa ni kupima websaiti kwenye ofisi yenye mtandao mzuri na kusema iko sawa, wakati mteja anaifungua akiwa kwenye jengo la chini ya ardhi tauni ambako mtandao unashika kona moja tu.

## Mteja anaona nini wakati huo?

Kwa kawaida, kama websaiti haijapewa maagizo mengine, kivinjari huficha maandishi hadi kama sekunde 3 kikisubiri fonti ifike. Mteja anaona picha ya kiatu, na pale chini panapotakiwa kuwa na bei pako peupe. Namba ya Till pia haipo. Kitufe kipo, rangi ya kijani, bila neno lolote juu yake. Zikipita hizo sekunde, kivinjari kinachoka na kuonyesha fonti ya simu.

Dawa yake ni agizo linaloitwa `font-display: swap`. Linaiambia simu ionyeshe maandishi mara moja kwa fonti yake, kisha ibadilishe fonti ya websaiti ikifika. Mstari wa Google wa siku hizi huja nalo, lakini websaiti nyingi zilizojengwa zamani hazina.

Hata hivyo agizo hilo linaleta jambo lingine. Fonti mbili hazina upana sawa. Poppins ni pana kuliko Roboto, kwa hivyo fonti ikibadilika, mstari mmoja unaweza kuwa miwili, na kila kitu kilicho chini yake kinasukumwa. Mteja alikuwa anapeleka kidole kwenye kitufe cha "Lipa", ukurasa unaruka, na kidole kinaangukia "Ghairi" au bidhaa nyingine. Au alikuwa anasoma namba ya Till tarakimu kwa tarakimu ili aiandike kwenye simu, na namba inahama mstari katikati. Anayelipa kwa namba iliyokosewa anaanza kutafuta jinsi ya kurudishiwa pesa, na wewe unaanza kueleza kwamba hukupokea kitu.

Kwa hivyo hata kama umependa fonti yako kiasi gani, usiiweke kwenye namba za pesa. Kichwa cha ukurasa kikibadilika umbo, hakuna anayeumia. Bei na namba ya kulipia zikae kwenye fonti ya simu tangu mwanzo, mahali pamoja. Hata hivyo kichwa kikigawanyika mistari miwili kinaweza kusukuma vilivyo chini, basi kiwe kifupi, maneno matatu au manne, kikae kwenye mstari mmoja kwa fonti zote mbili.

## Upande wa siri ya mteja

Simu ikienda kuchukua fonti kwenye seva ya mtu mwingine, haiendi mikono mitupu. Inapeleka anwani yake ya IP, kwa sababu bila hiyo seva haitajua pa kutuma jibu. Inapeleka aina ya kivinjari na ya simu. Na kwa kawaida inapeleka jina la websaiti iliyoituma. Google wanasema hawatumii taarifa za Google Fonts kutengenezea watu matangazo, na sina sababu ya kubishana nao. Swali langu ni tofauti: mteja aliambiwa? Kwa duka la viatu huenda hajali. Lakini fikiria kliniki ndogo ya Kawangware, au mshauri wa ndoa, au mtu anayekopesha pesa. Hapo jina la websaiti peke yake linaeleza shida ya mtu.

Mfano unaojulikana zaidi ulitokea Ujerumani. Tarehe 20 Januari 2022, mahakama ya Munich iliamuru mwenye websaiti amlipe mgeni mmoja yuro 100 kwa sababu websaiti yake ilipeleka anwani ya IP ya mgeni huyo kwa Google kupitia fonti, bila idhini yake. Mahakama ilikataa hoja kwamba hapakuwa na njia nyingine. Ilisema fonti zilezile zingeweza kutumika bila simu ya mgeni kuunganishwa na seva za Google. Yaani mwenye websaiti angezihifadhi mwenyewe.

Kilichofuata kiliwaumiza zaidi watu wadogo. Mwaka huohuo, biashara nyingi ndogo za Ujerumani na Austria zilianza kupokea barua za madai kuhusu fonti. Austria barua hizo zilidai yuro 190. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba ifikapo Desemba 2022, waendesha mashtaka wa Berlin walikuwa wanawachunguza baadhi ya waliokuwa wakizituma. Kwa hiyo nisiseme kwamba kila barua ilikuwa ya haki. Lakini mwenye saluni au duka la mikate ambaye websaiti yake haikuwa na mstari ule wa kuazima hakuwa na haja ya kuogopa barua yoyote.

Hukumu ya Munich haimfungi hakimu wa Milimani. Sisi tuna sheria yetu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayosimama juu ya kifungu cha 31 cha Katiba kuhusu faragha. Sheria hiyo inahesabu kitambulisho cha mtandaoni kuwa moja ya mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Inataka ukusanye data inayohitajika tu, umweleze mtu data yake inaenda wapi, na ina masharti kuhusu kuipeleka nje ya Kenya. Na haiwagusi wakubwa peke yao. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake.

Picha na fonti ni mambo mawili tofauti, na sitishi mtu. Hoja yangu ni rahisi: ukiweza kupata herufi zilezile bila kupeleka taarifa ya mteja kwa mtu wa tatu, huna sababu nzuri ya kuipeleka. Fonti ya mfumo haiombi kitu popote. Fonti uliyohifadhi inaombwa kwenye seva yako, ambayo tayari ilimwona mteja alipofungua ukurasa. Hakuna mgeni mpya kwenye mazungumzo yenu.

## Lakini chapa yangu je?

Sisi tuliosomea masoko ndio wagumu kwenye hili. Darasani tunafundishwa kwamba rangi, nembo na herufi za chapa zifanane kila mahali, kuanzia bango la mlangoni hadi mfuko wa karatasi. Na fonti za mfumo hazifanani: Tecno itaonyesha Roboto, iPhone itaonyesha San Francisco. Ni kweli, na ndiyo kasoro yake kubwa.

Mimi najibu hivi. Mteja anakutambua kwa nembo, rangi na picha za bidhaa. Nembo inapaswa kuwa picha, kwa hivyo fonti haiigusi. Kati ya mtu wa Tecno na mtu wa iPhone, hakuna anayeweka simu mbili mezani kulinganisha herufi za bei yako. Kila mmoja anaona herufi alizozoea kusoma kila siku kwenye simu yake, na kusoma kwa urahisi ndicho unachotaka kwenye ukurasa wa malipo.

Kuna biashara ambazo fonti ni bidhaa yenyewe: anayechapisha kadi za harusi, dizaina wa nguo, mpiga picha. Hao wahifadhi fonti yao, na hesabu ya sekunde 0.7 inaonyesha kwamba gharama inavumilika. Tahadhari ni mbili.

Ya kwanza ni leseni. Fonti nyingi za Google ziko chini ya leseni ya wazi inayokuruhusu kuzipakua na kuziweka kwenye seva yako. Fonti iliyokuja na Windows au uliyopewa na rafiki kwenye flashi haina ruhusa hiyo mpaka usome leseni yake.

Ya pili ni herufi zenyewe. Ili faili iwe ndogo, huwa inakatwa na kubaki na herufi za msingi za Kilatini. Kiswahili na Kiingereza vinatosha humo, hata ng' haina shida. Lakini jina la biashara au chakula likiandikwa kwa Gĩkũyũ, zile ĩ na ũ haziko kwenye kifurushi cha msingi. Ziko kwenye kile kinachoitwa `latin-ext`. Ukikisahau, simu itaziba pengo kwa fonti yake, na neno "mũkimo" litakuwa na herufi moja yenye umbo tofauti na nyingine. Kwa mwenye hoteli wa Kinoo hilo ni jambo la kila siku. Roboto ya Android inazo herufi hizo zote, kwa hivyo fonti ya mfumo haina tatizo hilo.

## Jinsi ya kufanya

Kwanza angalia uko wapi. Kwenye Chrome ya simu ya Android, andika `view-source:` kisha anwani ya websaiti yako bila kuacha nafasi. Utaona maandishi mengi ya msimbo. Fungua menyu ya nukta tatu, chagua kutafuta ndani ya ukurasa, kisha andika `fonts.g`. Ukipata `fonts.googleapis.com`, unaazima. Usipopata kitu, bado si hakika, kwa sababu mstari unaweza kuwa umejificha ndani ya faili nyingine. Hakika inapatikana kwenye laptopu: bonyeza F12, nenda `Network`, chagua `Font`, kisha fungua ukurasa upya. Kila fonti inayopakuliwa itaorodheshwa pamoja na seva inakotoka. Hapo hapo unaweza kupunguza mwendo hadi `3G` na kujionea anachokiona mteja wa kwenye matatu.

Kutumia fonti za mfumo ni maagizo machache tu:

```css
body, button {
  font-family: system-ui, -apple-system, "Segoe UI",
    Roboto, Arial, sans-serif;
}
```

Simu inasoma orodha kutoka mwanzo na kuchukua ya kwanza inayoitambua. Neno la mwisho linamaanisha "fonti yoyote isiyo na mikia", kwa hivyo hakuna simu itakayokosa.

Ukitaka fonti moja ya vichwa, pakua faili ya aina ya `woff2`, iweke kwenye seva yako, kisha uongeze hivi:

```css
@font-face {
  font-family: "Poppins";
  src: url("/fonti/poppins-600.woff2") format("woff2");
  font-weight: 600;
  font-display: swap;
}
h1, h2 { font-family: "Poppins", system-ui, sans-serif; }
```

Angalia kwamba Poppins imetajwa kwa vichwa tu. Bei, namba ya Till na vitufe vinabaki na orodha ya kwanza.

Kama websaiti yako iko kwenye WordPress na inatumia muundo mpya wa vitalu, tangu toleo la 6.5 la Aprili 2024 kuna maktaba ya fonti ndani ya kihariri. Ukichagua fonti ya Google hapo, inapakuliwa na kuhifadhiwa kwenye seva yako. Huhitaji kugusa msimbo.

Makosa yanayotokea mara nyingi yanaonekana kwa macho. Kichwa kikibaki na fonti ya simu hata baada ya kusubiri, njia ya faili imeandikwa vibaya, na kwenye `Network` utaona namba 404 kando yake. Herufi nzito zikionekana kama zimevimba, umehifadhi uzito wa kawaida peke yake na kivinjari kinajitengenezea unene wa bandia. Na ukiona fonti zako zinatoka kwako lakini `fonts.gstatic.com` bado imo kwenye orodha, basi fundi aliongeza faili mpya na akasahau kuondoa mstari wa zamani. Hapo umepata gharama ya njia zote mbili. Ikiwa mstari umeondolewa na bado inaonekana, angalia ramani ya Google uliyobandika kuonyesha duka lilipo, manake nayo huleta fonti zake. Weka picha ya ramani yenye kiungo, na anayetaka maelekezo ataibonyeza mwenyewe.

Hapo pia ndipo mpaka wa haya yote ulipo. Kuondoa fonti za kuazima hakuifanyi websaiti kuwa ya siri kama bado ina vifaa vya matangazo na vya kuhesabu wageni vinavyopeleka taarifa kwingine. Wala haitaifanya iwe nyepesi kama picha ya kiatu kimoja ina megabaiti 3. Fonti ni kipande kimoja, ila ni kipande unachoweza kurekebisha jioni moja bila kulipa mtu.

Ukimpa fundi kazi ya websaiti mpya wiki hii, mwandikie sentensi mbili kwenye makubaliano yenu: maandishi ya bei na malipo yatumie fonti za mfumo, na fonti nyingine yoyote ihifadhiwe kwenye seva yetu. Akisema haiwezekani, mwonyeshe mistari ile michache ya hapo juu. Kisha kabla ya kumlipa salio, fungua ukurasa wa malipo kwa simu yako, kwenye mtandao wa kawaida wa simu, ndani ya jengo lenye mtandao hafifu. Namba ya Till ionekane mara moja na isihame ilipo.